Hiyo "nita-" yako ndiyo inakuangusha

Mwalimu, habari yako. Mimi ni dada wa Kondele hapa Kisumu, mchana nakaa kwa duka la M-Pesa na usiku nafanya eksasaizi za Kingereza kwa simu, kuna kozi nataka kuingia na wana mtihani wao. Kila kitu naenda nacho sawa mpaka nifike kwa fyucha. Juzi nimepata 9 kwa 20. Opshen zote nne nikitafsiri zinakuja "nita-", sasa nachagua na bahati. Shule tuliambiwa *will* ni ya mbali na *going to* ni ya karibu, nimefuata hiyo na bado naanguka. Ona hizi:

"The phone is ringing!" "OK, I ____ it." Niliweka *am going to answer*, wakasema *will answer*.

"Look at those clouds! It ____." Niliweka *will rain*, wao *is going to rain*.

"I can't come on Saturday. I ____ my aunt at ten." Niliweka *will meet*, wao *am meeting*.

"By the time you get home, I ____ cooking." Niliweka *will finish*, wao *will have finished*.

Na swali la kando. Kuna mgeni wa kutoka Uingereza alikuja dukani, nikamwambia "I'm coming" nikatoka kutafuta chenji. Niliporudi alikuwa ananicheka. Nilikosea wapi?

Aliyechoka na tensi, Kondele

*

Dadangu, kwanza hiyo kanuni ya mbali na karibu itoe kabisa kwa kichwa. Si wewe tu uliyepewa, hata mimi nilipewa nikiwa mdogo na nikaibeba mpaka nikaanza kufundisha, alafu siku moja mwanafunzi wangu akanyoosha mkono akauliza, mwalimu, mtoto wa miaka mitano akisema "I'm going to be a pilot", hiyo nayo ni karibu? Nilifuta ubao polepole nikitafuta jibu na sikupata. Huyo mtoto atarusha ndege labda miaka 20 ijayo na bado ni *going to*. Ukigeuza upande wa pili mambo ni yale yale, simu inalia, unasema "I'll get it" na mkono tayari umeshafika kwa simu, ni sekunde mbili tu, na ni *will*. Kwa hivyo umbali hauna kazi hapa.

Kinachoamua ni wewe msemaji umesimama wapi ukisema. Je, umeamua sasa hivi ukifungua mdomo? Ama ulishaamua kitambo? Ama mlishapatana na mtu na saa mkaweka? Ama umejirusha mbele kwa mawazo, ukasimama kwa saa fulani, ukageuka kuangalia nyuma? Hayo ndiyo maswali, na swali la "lini" liache.

Na hapa ndipo nakwambia kitu ambacho mimi mwenyewe nilichelewa kukiona. Kiswahili chako unachoongea hapo dukani kinatofautisha haya yote kila siku. Shida ni kwamba ukishika eksasaizi unageuka mtu wa kitabu, kila fyucha unaitafsiri "nita-", na kwa hiyo "nita-" moja unakuwa umefuta tofauti zote nne kabla hata hujasoma opshen. Ukitafsiri vile unavyoongea kweli kweli, majibu yanajitenga yenyewe.

Chukua mama anaingia dukani kwako na gunia la omena kutoka Kibuye, limemlemea mlangoni, jasho linamtoka. Wewe unamwambia nini? Humwambii "nitakubebea", ukimwambia hivo atadhani ni ya kesho. Unamwambia "ngoja nikushikie" ama "lete nikushikie". Basi hiyo "ngoja ni-" ndiyo *will*. "Wait, I'll hold it for you." Dakika moja nyuma hukuwa unajua kuna gunia duniani, uamuzi umezaliwa hapo hapo mbele ya macho yake. Sasa rudi kwa simu yako inayolia. Mwenzako anasema simu inalia, wewe unajibu "ngoja nishike", si ndio? Hukuwa umepanga tangu asubuhi kushika hiyo simu. Ukisema "I'm going to answer it" Mzungu anasikia kama ulijua simu italia na ukakaa hapo ukiingojea. Ndiyo maana walikuangusha.

Ofa, ahadi, na uamuzi wa papo hapo, yote yanaingia kwa kapu hilo la "ngoja ni-", na ukitaka kujua kama umelenga, weka "ngoja" mbele ya sentensi kwa Kiswahili uone kama inakaa. Ahadi haikubali "ngoja" vizuri, hiyo nakubali, lakini ahadi inajitangaza yenyewe, utaona *I promise* hapo kando. Alafu kuna *will* ya maoni, mtu anabashiri tu kutoka kichwani bila kitu cha kuonyesha: "I think Gor will win on Sunday." Hajaona mechi, ni moyo wake unaongea. Ukiona *I think, probably, I'm sure, I expect* kwa swali, mtahini mara nyingi anakuelekeza huko. Na usishtuke ukikutana na *won't* ambayo si ya fyucha hata kidogo, "the car won't start", hiyo ni gari imekataa kuwaka, na sisi pia tunasema imekataa kama vile gari ina kiburi.

Sasa mawingu. Simama nje ya duka lako saa tisa alasiri, wingu jeusi limetanda upande wa Riat, upepo umeanza kurusha makaratasi, mama wa mahindi anavuta karatasi ya nailoni juu ya jiko lake. Anasema nini? "Mvua inataka kunyesha." Mvua haina moyo wa kutaka kitu, lakini ndivyo tunavyosema, na tunasema hivo tukiwa na ushahidi machoni. Chai inataka kumwagika, ushaiona imepanda mdomoni mwa sufuria. Huyo mtoto anataka kuanguka, ushamwona amening'inia. Hiyo "inataka" ya ushahidi ndiyo *going to*. "It's going to rain." Mtahini akikuwekea *Look!* ama *Watch out!* ama akaeleza kitu kinachoonekana saa hii, mawingu, ngazi inayoyumba, mtu amegeuka rangi ya majivu na ameshika tumbo, anakupa ushahidi mkononi. Rudi kwa Gor yangu: ikiwa ni dakika ya 85 na wanaongoza tatu bila, ule mbashiri wetu sasa habashiri tena, anaona. "Gor are going to win." Timu ni ile ile na ushindi ni ule ule, kilichobadilika ni anajuaje.

Alafu angalia maajabu haya, mimi huwa yananifurahisha mpaka leo. Hiyo hiyo "-taka" yetu ina kazi ya pili. Mtu anakwambia "mwaka ujao nataka kufungua saluni", na unajua hamaanishi tamaa tu, ameshakaa chini akaamua, ameanza kuweka pesa. Kingereza nacho kinatumia *going to* kwa kazi hiyo hiyo ya pili: "I'm going to open a salon next year." Yaani neno moja kwetu linafanya kazi mbili, ushahidi na nia iliyokwisha kuamuliwa, na neno moja kwao linafanya kazi hizo hizo mbili. Kwa hivyo ukisoma swali na kwa Kiswahili cha mdomo ungesema "inataka" ama "nimepanga", mkono uende kwa *going to*. Tahadhari ni moja tu, "nataka chai" ya kuagiza haimo, hiyo ni hamu, na hakuna mtu amekuuliza fyucha.

Shangazi yako wa Jumamosi ndiye mgumu kidogo, kwa sababu hapa *going to* na presenti kontinyuasi wanagusana mabega. Wewe ukimwelezea mwenzako kwa nini huji, unasema "siwezi kuja, Jumamosi naonana na shangazi saa nne". Umesema "naonana", hukusema "nitaonana". Ile "-na-" tunayoitumia kwa kitu cha sasa tumeichukua tukaiweka kwa Jumamosi, manake kwa kichwa chako hiyo siku imeshafungwa, ni kama inaendelea tayari. Kingereza kinafanya kitu hicho hicho, "I'm meeting my aunt at ten."

Jaribio langu hapa ni rahisi na sijaona likishindwa sana: jiulize, nikikosa kwenda, kuna mtu mahali fulani atapiga simu kuniuliza niko wapi? Shangazi atapiga. Daktari mliyepatana, hata kama si yeye, karani wake atapiga. Konda uliyemlipia siti atapiga, ama atakuuza siti. Kama kuna mtu huyo, kuna mapatano, na mapatano yanaitisha presenti kontinyuasi. Kama hakuna mtu, ni wewe na moyo wako tu mmekaa mkaamua, kwa mfano umeamua kuanzia wiki ijayo utapunguza sukari kwa chai, hakuna atakayepiga simu ukiweka vijiko vitatu, basi hiyo ni nia na ni *going to*. Angalia lile swali lenyewe vile lilikuwekea *at ten*. Saa. Mtu hawekewi saa na moyo wake. Wakiweka saa, mahali na mtu wa pili, ama wakisema *I've booked, it's all arranged, we've agreed*, wanakusukuma kwa mapatano.

Nitakuwa mkweli kwako, mtu akisema "I'm going to meet my aunt at ten" hajakosea, Waingereza wenyewe wanasema yote mawili na hakuna anayeshtuka. Swali zuri haliweki zote mbili kwa opshen bila kitu cha kuzitenganisha. Likiziweka zote, tafuta huyo mtu wa kupiga simu. Ukiona imewekwa moja tu kati ya hizo, ichukue uende. Lakini ile *will meet* yako haikuwa na pa kusimama, manake ingekuwa na maana umeamua kumwona shangazi ukiwa unaongea, na kama umeamua sasa hivi basi hicho si kisingizio cha kutokuja, ni dharau.

Presenti kontinyuasi ina mipaka yake na mipaka hiyo pia unaijua. Huwezi kusema "kesho mvua inanyesha" kana kwamba mmepatana na mvua, na Kingereza pia kinakataa "it's raining tomorrow". Kitu kisichopangwa na watu hakiingii hapo. Vitenzi kama *know, need, understand* pia havipendi hiyo *-ing*, hivo usivilazimishe.

Na kuna mtego mmoja wa macho ambao unaua watu wengi: "I'm going to Nakuru on Friday." Mwanafunzi anaona *going to* anashangilia. Si hiyo! Baada ya *to* kuna mji, hakuna kitenzi. Hiyo ni *go* ya kawaida imevaa nguo ya presenti kontinyuasi, naenda Nakuru Ijumaa, basi. Ile *going to* tunayoongelea lazima ifuatwe na kitenzi: *going to open, going to rain*. Kidole chako kiweke juu ya neno linalofuata *to* kabla hujaamua.

Tuje kwa ile ya nne, na hapa nataka tukae, kwa sababu watu wengi wanaiogopa bure na wale wanaoijua wanaitumia hata mahali haitakiwi.

Mtu wako anakupigia anasema ametoka kazini, anakuja. Wewe uko na sufuria kwa moto. Unamjibu "ukifika ntakuwa nishapika". Umejiona? Umeenda mbele mpaka ile saa atakayofungua mlango, ukasimama hapo, ukageuka nyuma, na ukiangalia nyuma upishi umeisha. "Ntakuwa" ni ile saa ya mbele, "nishapika" ni kazi iliyoisha kabla yake. Kingereza kinajenga nyumba hiyo hiyo: *will have* ni ntakuwa, *finished* ni nishamaliza. "By the time you get home, I will have finished cooking." Ukisema *will finish* inakuwa "ukifika nitamaliza", yaani anafungua mlango na wewe ndio unazima jiko, ama hata bado. Anayengoja chakula ataisikia tofauti hiyo kwa tumbo.

Sasa angalia upande ule mwingine wa sentensi, "you get home". Hakuna *will*. Wengi wanaandika "by the time you will get home" na wanapoteza maksi hapo hapo. Sikiliza Kiswahili chako tena: "ukifika". Iko wapi "-ta-"? Haipo. "Ukifika ntakuwa nishapika", "-ta-" iko upande mmoja tu. Lakini ukigeuka mtu wa kitabu utasema "wakati utakapofika", "-ta-" imeingia, na hiyo ndiyo inakudanganya uandike *will* mara mbili. Shika "ukifika" yako ya jikoni. Inakusaidia pia kwa *when* na *if* na *before*: ukifika, ukipata, kabla hujaenda. Zote hazina "-ta-" na Kingereza hakitaki *will* hapo.

Kidokezo chake kikuu ni *by*: *by ten, by Friday, by the end of the year*. Na hapa tunaangushwa na mdomo wetu, kwa sababu sisi tunasema "mpaka" kwa mambo mawili. "Ntafanya kazi mpaka saa kumi na moja" na "mpaka saa kumi na moja ntakuwa nishamaliza", mpaka ni ile ile. Kingereza kimezitenga. Ya kwanza ni *until*, kazi inaendelea bila kukatika hadi hiyo saa: "I'll work until five." Ya pili ni *by*, kazi imeisha hiyo saa au kabla yake: "I'll have finished by five." Kila ukiona "mpaka" kichwani, jaribu kuibadilisha na "kufikia". Ikikubali "kufikia", ni *by*. "Ntafanya kazi kufikia saa kumi na moja" haikai vizuri mdomoni, basi hiyo ni *until*.

Lakini usiwe mtu wa kuona *by* na kurukia *will have*. Kuna kazi zisizoisha, ni hali tu. "By Friday I will know my results." Kufikia Ijumaa ntajua. Hakuna kitu kimemalizika hapo, umeingia tu kwa hali ya kujua, na *will* peke yake inatosha. Na nimewahi kusahihisha kijana aliyeona "I'm travelling by matatu" akaweka *will have travelled*, manake ameona *by*. Huyo nilimpa chai kwanza ndio tukaongea.

Kitu kingine kidogo: ukiona *by* na *for* kwa sentensi moja, ile tensi inahesabu muda. "By December I will have worked here for three years." Ikifika Disemba ntakuwa nimefanya hapa miaka mitatu. Ni kusimama mbele na kuangalia nyuma kule kule, isipokuwa kazi yenyewe bado inaendelea.

Haya, tufanye moja mzima pamoja. Nimekutungia hii, ni msichana anaongea na mamake nyumbani:

"Mum, I (1) ____ to Nakuru on Friday. I've already paid for the seat and Auntie is meeting me at the stage. The matatu leaves at eight, so by ten thirty we (2) ____ Kericho. Auntie says she (3) ____ a bigger house next year, she has been saving since January. You can't lift the water drum? Don't try, I (4) ____ it before I leave. Wait, who left it on that broken chair? It (5) ____!"

Na vitenzi ni *travel, pass, rent, move, fall*, kwa mpangilio huo.

Ya kwanza, siti imelipwa, na wamepatana na shangazi ampokee steji. Asipofika kuna mtu wa kupiga simu? Wako wawili, konda na shangazi. *Am travelling*. Angalia pia ile "leaves at eight" ambayo sijaiweka kwa nafasi, hiyo ni presenti simpo kwa sababu ni ratiba ya gari, si mpango wa mtu. Usiiguse.

Ya pili, kuna *by ten thirty*. Jisimamishe kwa hiyo saa nne na nusu, gari imetoka Kisumu saa mbili, imepita Ahero na Awasi, imepanda, geuka nyuma uangalie. Kericho iko nyuma yenu na mashamba ya chai yake, gari inaelekea Mau Summit. Tutakuwa tumeshapita. *Will have passed*. Kama ingekuwa "at ten thirty" badala ya *by*, picha ingebadilika, ungekuwa uko dirishani ukiiangalia Kericho ikipita, "we will be passing Kericho", tutakuwa tunapita. Herufi mbili tu, *at* na *by*, na gari imehama.

Ya tatu, shangazi ameweka pesa tangu Januari, kwa hivyo uamuzi ni wa zamani. Lakini kuna landilodi amepatana naye? Tarehe? Hakuna. Ni nia. "Anataka kukodi nyumba kubwa." *Is going to rent*.

Ya nne, mama ndio amesema sasa hivi pipa limemshinda. Msichana hakuwa anajua. "Ngoja nilisogeze." *Will move*, ama *'ll move*. Na hiyo *before I leave*, umeona haina *will*, kabla sijaenda.

Ya tano, pipa la maji juu ya kiti kilichovunjika mguu, macho yanaona. "Linataka kuanguka!" *Is going to fall*. Mwanafunzi aliyekariri kwamba *going to* ni mpango ataikataa hapa, atasema pipa halipangi. Kweli halipangi, lakini linataka.

Ukirudi kwa simu yako usiku, usiweke jibu mpaka useme ile sentensi kwa sauti, kwa Kiswahili, vile ungemwambia mtu wa Kondele, na useme pia kwa nini. Ukikosea, kwa daftari usiandike jibu sahihi peke yake, andika kile kidokezo ulichopita bila kukiona, *at ten* ama *look* ama *by*. Kwa zile nne ulizonitumia, tatu zilikuwa na kidokezo kimeandikwa waziwazi na ya simu ilikuwa na mtu anakuambia jambo jipya.

Sasa huyo mgeni wako. Hukukosea sarufi hata kidogo, ulitafsiri "nakuja" neno kwa neno, na sisi huku tukisema "nakuja" huku tukitoka mlangoni kila mtu anaelewa kwamba ni naenda lakini narudi. Kwa Mwingereza, *I'm coming* ni mtu anayekusogelea: umemwita chakula kiko mezani, anajibu "I'm coming" na unasikia viatu vyake kwa ngazi. Yeye alisikia unakuja, alafu akaona mgongo wako. Siku nyingine mwambie "I'll be right back." Na ni *will*, kwa sababu uligundua huna chenji ukiwa umeshika noti yake mkononi.